Losi imeganda 1.00 siku ya nne, picha ni chenga tupu. Hivi difyusheni inafundishwaje hasa?

#1 KijanaWaMbagala

Wakuu habari za saa hizi. Nina siku ya nne nahangaika na kitu kimoja, hata usingizi umegoma. Nimeamua kuandika difyusheni ndogo, ile modeli inayotoa picha kwa kuondoa chenga, kwa mkono wangu, sio kudaunlodi ya watu, naifundisha kwenye zile namba za MNIST, picha nyeusi na nyeupe za 28 kwa 28, nikasema nikiiweza hii basi hata yale makubwa yanayochora picha kwa maneno nitaelewa yanaanzia wapi. Ratiba ya chenga nimefuata ileile ya karatasi ya Ho, Jain na Abbeel ya 2020, hatua 1000, beta inaanza 0.0001 inaishia 0.02. Modeli ni U-Net ndogo tu.

Sasa shida. Losi, yaani kipimo cha makosa ya modeli, inaanza kama 1.1, ndani ya dakika chache inashuka mpaka 1.00 halafu inakaa hapo, haipandi haishuki, 1.001, 0.999, 1.000, nimeacha usiku kucha nimeamka iko palepale. Nikiiambia itoe picha inatoa chenga kama TV ya zamani saa sita usiku.

Na swali la pili, msinicheke. Hii kitu inafundishwa kukisia chenga badala ya picha. Mimi nataka picha, chenga za nini?

#2 babu_antena

Kijana, chenga nazijua tangu enzi za kupanda juu ya bati kuzungusha antena. Mimi nina picha za harusi yangu ya 1987, mwanangu kaziskani zote zina chenga na madoa. Hiyo programu yako ikikamilika niambie bei, ila usiniharibie sura ya mke wangu.

#3 Kipanga77

Mkuu hapo ni lerning reti tu, ile kasi ya kujifunza, ipunguze mara kumi uache siku tatu. Hizi modeli zinataka uvumilivu.

Kwa swali la pili nikueleze kwa lugha rahisi. Modeli inaangalia picha ikichafuliwa hatua kwa hatua, ya 1, ya 2, mpaka ya 1000, kama unavyoangalia video, halafu inajifunza kuicheza ile video kinyumenyume. Ndo maana inahitaji GPU kubwa, kila picha moja ni video ya fremu 1000.

#4 Bi_Kipeuo

KijanaWaMbagala usiguse lerning reti, na usiache siku tatu, utakula umeme wa bure. 1.00 kwenye difyusheni ni ujumbe, haijaja hapo kwa bahati mbaya. Weka hapa ile sehemu ya kodi inayochafua picha na mstari wa losi, usiweke U-Net yote. Nina hisia najua tatizo liko wapi ila nataka nione kwanza.

Kipanga77 hiyo ya video nitairudia, iko nusu.

#5 BintiPwani_

Samahani naingilia, na mimi niko kwa hiyo hiyo njia ila yangu ni leso. Niko Mombasa, nimepiga picha leso za mamangu na za mashangazi, kama 600 hivi, nikazipunguza ziwe 64 kwa 64, nataka itoe miundo mipya ya leso. Yangu losi inashuka vizuri sana, tatizo inatoa leso ambazo naona kama nishawahi kuziona. Ngojeni kwanza ya kijana iishe.

#6 KijanaWaMbagala

Bi Kipeuo hii hapa, nimebadilisha majina tu yasomeke.

```python
def chafua(x0, t):
    a = abar[t].view(-1, 1, 1, 1)
    chenga = torch.randn_like(x0)
    return a.sqrt() * x0 + (1 - a).sqrt() * chenga

xt = chafua(x0, t)
chenga = torch.randn_like(x0)
losi = F.mse_loss(modeli(xt, t), chenga)
```

#7 Bi_Kipeuo

Ndiyo hiyo hiyo niliyoihisi. Hebu soma kodi yako taratibu kama unamsomea mtu mwingine. Ndani ya `chafua` umezalisha chenga, ukazichanganya na picha, ukarudisha picha iliyochafuka, zile chenga zenyewe zikafia humo ndani ya fankshen. Halafu nje ukazalisha chenga nyingine mpya kabisa, ndizo unazomdai modeli. Yaani umemwekea mchanga kwenye mchele, ukamwambia achambue, halafu unamsahihisha kwa mchanga wa sinia la jirani.

Sasa modeli afanye nini? Hizo chenga za pili hazina uhusiano wowote na alichokiona. Zinatoka kwenye namba za Gauss, wastani wake sifuri, mtawanyiko wake 1. Ukilazimishwa kukisia namba ya namna hiyo bila dokezo lolote, na adhabu yako ni kosa likizidishwa lenyewe, cha busara ni kujibu sifuri kila mara. Ukijibu sifuri, kosa lako ni ile namba yenyewe, na wastani wa namba hizo zikizidishwa zenyewe ndio huo mtawanyiko, ambao ni 1. Kwa hiyo 1.00 yako ni modeli anakwambia kwa adabu kabisa, bosi nimegundua haya majibu hayakisiki, nimeamua kuandika sifuri kote. Amejifunza vizuri tu, swali ndilo bovu.

Rekebisha hivi:

```python
chenga = torch.randn_like(x0)
a = abar[t].view(-1, 1, 1, 1)
xt = a.sqrt() * x0 + (1 - a).sqrt() * chenga
losi = F.mse_loss(modeli(xt, t), chenga)
```

Chenga zilezile zilizoingia kwenye picha ndizo anazodaiwa, basi. Na huo mstari wa `.view(-1, 1, 1, 1)` nakusifu umeuweka, watu wengi wanausahau. Kawaida ukisahau kompyuta inagoma na unajua, ila kuna jamaa bachi yake, lile fungu la picha zinazoingia pamoja, ilikuwa picha 28 na picha zake ni 28 kwa 28, basi ikakubali bila kelele, ikawa inagawa kiasi cha chenga kwa safu ya pikseli badala ya kwa picha. Alihangaika wiki nzima.

#8 Kipanga77

Sawa nimekubali kwenye kodi, sikuiona. Lakini Bi Kipeuo hapo umesema kitu kinanisumbua. Chenga za kwanza nazo si za bahati nasibu vilevile? Namba ya bahati nasibu inakisiwaje? Kama za pili hazikisiki na za kwanza zisikisike pia.

#9 Bi_Kipeuo

Swali zuri kuliko lile jibu lako la lerning reti 😄

Za kwanza zimeacha alama kwenye picha. Modeli haambiwi zikisie hewani, anaonyeshwa picha iliyochafuka anaambiwa toa hesabu ya uchafu. Na picha za namba zina tabia, sehemu kubwa ni giza tupu, katikati kuna mstari wa wino unaopinda bila kukatika. Akiona pikseli ya kijivu peke yake kwenye kona ambako hakujawahi kuwa na wino kwenye picha 60,000 alizofundishwa, anajua hiyo ni chenga, na anajua ni chenga ya kiasi gani kwa sababu anajua pale palitakiwa pawe na giza. Kwa hiyo ili azikisie chenga ni lazima awe anajua picha safi zinafananaje. Hapo ndipo swali la pili la Kijana linapojibiwa. Hatuzitaki chenga kwa lolote, ila huwezi kutenganisha mchele na mchanga kama hujui mchele unafananaje.

Sasa kuhusu ile video. Kwenye kutreni modeli haoni mfululizo wowote. Anachukua picha moja, inachaguliwa hatua moja kwa kura, tuseme 250, picha inachafuliwa moja kwa moja mpaka kiwango cha 250, anaambiwa hii ni hatua ya 250, kisia. Basi, imeisha, inakuja picha nyingine na hatua nyingine, labda 871. Hajawahi kuiona 249 wala 251 ya picha hiyohiyo akiwa hapo, wala hakuna haja.

Inawezekanaje kuruka mpaka 250 bila kupita 1 hadi 249? Chukua glasi ya juisi ya ukwaju, imejaa. Kila hatua unachota kijiko unamwaga, unajazia maji kiasi kilekile, unakoroga. Glasi inabaki imejaa, ila ukwaju unapungua. Hatua ya kwanza kijiko ni kidogo mno, sehemu 1 ya 10,000 ya glasi, hiyo ndiyo beta ya 0.0001. Hatua ya mwisho kijiko ni sehemu 1 ya 50, hiyo ndiyo 0.02. Ukitaka kujua baada ya vijiko 250 ukwaju umebaki kiasi gani huhitaji kuchota, unazidisha tu, kilichobaki mara kilichobaki mara kilichobaki. Jibu hilo ndilo `abar`. Na maji uliyotia mara 250 kidogokidogo ni sawa na kutia maji ya jumla mara moja, kwa sababu namba za Gauss ukizijumlisha unapata Gauss nyingine, haikumbuki ilitokana na ngapi.

#10 KijanaWaMbagala

Aisee glasi ya ukwaju imenikaa. Narekebisha sasa hivi natreni upya, umeme upo upo leo. Lakini kwanini kwenye fomula kuna kipeuo cha pili? `a.sqrt()`, kwanini isiwe `a` tu kama ukwaju?

#11 Bi_Kipeuo

Kwa sababu ukwaju na maji tunavipima kwa mtawanyiko, na mtawanyiko unaenda kwa namba kuzidishwa yenyewe. Ukizidisha picha kwa 0.5 mtawanyiko wake unakuwa 0.25. Kwa hiyo ukitaka ukwaju ubaki robo inabidi uzidishe kwa kipeuo cha robo, yaani nusu. Upande wa chenga hivyohivyo. Ukifanya hivyo glasi inabaki imejaa 1 daima.

Ngoja nikupigie hesabu ya pikseli moja kwa ratiba yako. Picha tumezipimia kutoka -1 hadi 1, tuseme pikseli yako ni 0.8, wino mwingi. Hatua ya 250 `abar` inakuja kama 0.524. Kipeuo chake 0.724, na upande wa chenga kipeuo cha 0.476 ni 0.690. Kura ya chenga ikatoka -0.5.

```
xt = 0.724 * 0.8 + 0.690 * (-0.5) = 0.579 - 0.345 = 0.234
```

Modeli anaona 0.234, na anaona majirani zake wote 783, na anajua ni hatua ya 250. Akisema chenga ilikuwa -0.3, kosa ni 0.2, likizidishwa lenyewe 0.04, hiyo ndiyo losi ya pikseli hii. Unafanya wastani wa pikseli zote 784 na picha zote za bachi, basi, hiyo ndiyo losi yote ya difyusheni. Karatasi ina kurasa za hesabu kufika hapo lakini mwisho wake Ho na wenzake waliyaondoa mabunda ya vizidishio vilivyokuwa mbele yake wakabaki na hiyo nyepesi, na picha zikatoka nzuri zaidi.

#12 Kipanga77

Hapo kwenye glasi sikubali kirahisi. Mimi nimesoma sehemu kwamba unaongeza chenga tu, huipunguzi picha. Picha inabaki ilivyo, chenga zinaongezwa mpaka zinaifunika. Kwanini uchote ukwaju?

#13 Bi_Kipeuo

Ulichosoma kipo kweli, sio uongo. Song na Ermon 2019 walifanya hivyo, picha haiguswi, chenga zinapanda mpaka zinaimeza. Ila hapo glasi inafurika, namba zinazoingia kwa modeli zinakuwa kubwa sana kwenye viwango vya juu, inabidi uzigawanye kabla ya kumpa. Watu walikuja kuonyesha kuwa ni njia mbili za kitu kimoja, ukibadilisha kipimo unatoka huku unaenda kule. Ila ratiba ya Kijana ni ya glasi iliyojaa, asichanganye, akiacha kuipunguza picha kwenye ratiba hii basi hatua ya 1000 itakuwa bado na picha yote ndani, nusu kwa nusu na chenga, na siku ya kuzalisha atakapoanzia chenga tupu modeli atakuwa hajawahi kuona kitu kama hicho.

#14 KijanaWaMbagala

WAKUUUU. Losi imeshuka kama jiwe. Dakika mbili ilikuwa 0.1, sasa hivi iko 0.026 na nimetoa picha 16, naona 7, naona 3, kuna moja ni kama 8 iliyokanyagwa na daladala lakini ni namba! Nimemwamsha hadi mdogo wangu aje aone.

Ila sasa imeganda tena, 0.026, 0.025, 0.026, saa nzima. Nimekwama tena au?

#15 Kipanga77

Hongera dogo. Sasa SASA ndo punguza lerning reti 😂

#16 Bi_Kipeuo

Hongera sana. Hujakwama, ila hiyo namba moja inakuficha mambo. Ni wastani wa mitihani 1000 tofauti, mingine ya darasa la kwanza, mingine haijibiki. Fikiria hatua ya 1000, `abar` ni kama 0.00004, ukwaju hakuna, modeli anaoneshwa chenga tupu anaulizwa chenga ni zipi. Anakopi alichokiona, amepata. Losi karibu sifuri na hajui chochote kuhusu namba. Halafu nenda hatua ya 1, chenga ni kidogo mno, zimetiwa kwa kizidishio cha 0.01, picha inaonekana safi, anaulizwa zile chembe zisizoonekana ni zipi. Hapo anakosea sana hata akiwa mjuzi. Kwa hiyo losi yako nyingi inatoka kwenye hatua za mwanzo ambako kukosea hakudhuru picha, na hatua za kati ambako ndiko inaamuliwa kama hii ni 3 au 8 zinachangia kidogo. Losi inaweza kuganda na picha zikaendelea kuwa nzuri kwa siku nzima.

Gawa losi kwa mafungu ya hatua mia mia uchore. Halafu kila baada ya muda toa picha zilezile 16 ukianza na chenga zilezile, ufunge mbegu ya kura, ulinganishe kwa macho.

#17 babu_antena

Nimesoma yote, nusu nimeelewa. Kama huyu modeli anajua kuondoa chenga basi si ndiyo kazi ya picha zangu? Mbona mnaanza na chenga tupu mnatoa namba ambazo hakuna aliyeziandika? Nani kaandika hiyo 8 iliyokanyagwa?

#18 Bi_Kipeuo

Mzee wangu, hakuna aliyeiandika. Juisi ikishachanganyika hairudi, na modeli hairudishi ile iliyomwagwa. Anachojua ni juisi za aina hii kwa kawaida zinakuwaje, ukimpa maji matupu anakutengenezea ya kwake.

Kwa picha zako za harusi, kwenye hatua za chini huyu ni msafishaji kweli. Ila anazijua chenga za Gauss tu, kila pikseli kivyake, na madoa ya karatasi ya 1987 hayako hivyo, yana umbo, yanakaa pamoja. Na huyu wa Kijana kasoma namba tu, ukimpa sura ya mama atakurudishia kitu chenye mkia kama 9. Hata aliyesoma sura za watu, ukimsukuma mpaka hatua za juu ataanza kuchora sura ya mtu mwingine anayefanana. Hapo uangalifu wako kuhusu sura ya mke una maana kabisa.

#19 babu_antena

Basi ziache zibaki na madoa.

#20 KijanaWaMbagala

Nimechora. Fungu la hatua 1 mpaka 100 ni 0.11, la mwisho 900 mpaka 1000 ni 0.004, hapo kati vinashuka taratibu. Kama ulivyosema.

Swali la mwisho kabla sijalala. Kama modeli akikisia chenga, naweza kupiga fomula kinyume nikapata picha mara moja, si ndiyo? Ile 0.234, natoa chenga nagawanya. Sasa kwanini nizunguke mara 1000 kutoa picha moja, laptopu inalia feni? Nianze hatua ya 1000, akisie, niitoe chenga yote, nipate picha nikalale.

#21 Kipanga77

Hili najua mimi. Ukifanya hivyo unapata ukungu, modeli anakupa wastani wa picha zote.

#22 Bi_Kipeuo

Kipanga yuko sahihi kabisa. Nimwongezee hesabu tu muone kwanini. Kwenye hatua ya 250, modeli akisema -0.3 badala ya -0.5, ukigeuza:

```
x0 = (0.234 - 0.690 * (-0.3)) / 0.724 = 0.609
```

Ukweli ulikuwa 0.8. Amekosea chenga kwa 0.2, picha ikakosewa kwa 0.19, inavumilika. Sasa hatua ya 1000 unagawanya kwa kipeuo cha 0.00004, ambacho ni kama 0.00635. Kugawanya kwa hiyo ni kuzidisha mara 157. Modeli akikosea chenga kwa 0.01 tu, na losi yake hapo itaonekana safi kabisa, picha inakosewa kwa 1.57, na pikseli nzima inacheza kati ya -1 na 1. Kwa hiyo kwenye hatua ya 1000 jibu lake kuhusu picha ni bure, na hata akiwa hodari wa mwisho cha kweli anachoweza kusema ni huo wastani wa namba zote zilizowahi kuandikwa, ukungu katikati ya giza, kwa sababu hakuna kitu kwenye chenga tupu kinachosema hii ilikuwa 7.

Ndiyo maana unachukua jibu lake kama mwelekeo tu, unasogea kidogo mpaka 999, unatia chenga kidogo mpya, unamuuliza tena. Mahali fulani njiani ile kura ya chenga inaelemea upande wa 7, naye anaona kidokezo cha 7, anakikazia.

Sio lazima 1000 lakini. Kuna njia ya DDIM ya Song, Meng na Ermon, 2020, modeli uliyekwishamtreni anabaki yuleyule, unaruka hatua ukapita 50 tu. Kesho ukiamka itafute, feni ipumzike.

#23 KijanaWaMbagala

Nimeelewa kwa mara ya kwanza. Na vipi wale wanaomfundisha kukisia picha badala ya chenga, wanakosea?

#24 Bi_Kipeuo

Hapana. Ukiwa na `xt` na namba ya hatua, ukijua chenga umejua picha na ukijua picha umejua chenga, ni fomula ileile. Kinachobadilika ni wapi kosa linakuwa ghali. Kukisia picha ni rahisi kwenye hatua za chini, kukisia chenga ni rahisi kwenye hatua za juu. Salimans na Ho 2022 walikuja na mchanganyiko wa vyote viwili. Ipi bora kwa ujumla watu bado wanabishana, mimi kwa picha ndogo huwa naanza na chenga kwa mazoea tu.

#25 BintiPwani_

Haya sasa zamu yangu 😊 Leso 600, losi kwangu imefika 0.008 na bado inashuka. Nilidhani nimefaulu. Lakini nimetoa leso moja nikaonyesha mama, akasema hii ni ile yangu ya harusi ya Mwanaisha, pindo ni lile lile, mji ni ule ule. Tena yale maneno ya chini yametoka kinyume! Kama umeyaona kwa kioo.

#26 Bi_Kipeuo

Kinyume? Wewe umezigeuza picha kushoto kulia ili ziongezeke, sema ukweli.

#27 BintiPwani_

...ndiyo. Mafunzo yote yanasema ugeuze ili data ziwe mara mbili.

#28 Bi_Kipeuo

Kwa paka na magari sawa, leso ina jina. Ondoa hiyo. Hata ukiondoa, kwa 64 kwa 64 yale maandishi ni pikseli mbili tatu kwa herufi, atachora kitu chenye umbo la maneno kisichosomeka, ni bora ukate sehemu ya jina kabisa abaki na pindo na mji.

Kuhusu kukariri, mama yako amekufanyia kipimo kizuri kuliko losi. Losi yako ni ya chini kwa sababu kwa leso 600 modeli amezijua moja moja, akiona chenga zenye harufu ya leso ya harusi anaijaza yote kwa kumbukumbu, na kwa hiyo anajua chenga kamili. Fanya hivi, weka leso 60 pembeni asizione kabisa kwenye kutreni. Pima losi ya zile alizosoma na losi ya hizo 60, kwa hatua zilezile na chenga zilezile, la sivyo kura ya hatua peke yake itakudanganya. Zikienda pamoja yuko sawa. Ya 60 ikianza kupanda huku nyingine inashuka, hapo ndipo alipoanza kukariri, na ungeachia hapo. Na kila leso anayotoa itafutie pacha wake wa karibu kwenye 600 uziweke sambamba.

#29 Kipanga77

Ila 600 ni chache jamani, hata ukiachia mapema. Anahitaji 10,000.

#30 BintiPwani_

10,000 nitatoa wapi, hata mama hana hizo 😅

#31 Bi_Kipeuo

Mimi sina namba ya kukupa na sidhani Kipanga anayo. Leso zinarudiarudia sana, korosho ni korosho, kuna uwezekano kuzikatakata vipande, pindo peke yake na mji peke yake, ikazaa data nyingi zaidi bila kupiga picha mpya. Lakini hapo atajifunza vipande, hatajua pindo lipi linaendana na mji upi. Sijawahi kuijaribu hiyo kwa leso.

#32 BintiPwani_

Nimeweka 60 pembeni, kutreni imeanza. Mama anasema yeye ndiye atachagua zipi zikatwe.